Ampea 8.6 bila ubao: kisa cha mota ya msumeno na pawa fakta yake

Mwenye karakana moja ya kupasua mbao huko Mafinga aliambiwa na fundi wake kwamba mota ya msumeno wa mkanda imekwisha. Ushahidi ulikuwa mmoja: msumeno ukizunguka mtupu, bila ubao wowote, klampu mita inasoma ampea 8.6 kwenye kila fezi. Fundi akachukua simu yake, akapiga hesabu ya umeme wa fezi tatu:

```
1.732 × 400 V × 8.6 A = 5,958
```

Karibu kilowati sita. "Uniti sita kila saa, mzee, na hapo hujapasua hata ubao mmoja." Ushauri wake ukawa mota ikasukwe upya. Na kama mzee hataki gharama hiyo, kuna muuzaji wa kapasita aliyemwahidi kwamba akifunga moja tu, ampea zitashuka na LUKU itadumu.

Mzee alinitafuta nimwamulie kati ya kusuka na kapasita. Mota ilikuwa nzima, na kapasita isingempunguzia bili kwa kiasi cha kuonekana. Lakini fundi hakuwa mjinga, wala muuzaji hakuwa amedanganya kila kitu. Ampea zilikuwa kweli 8.6, na kapasita kweli hushusha ampea. Kosa lilikuwa ndani ya ile hesabu, kwenye tarakimu moja ambayo haikuandikwa.

Kibao cha mota kinaitaja tarakimu hiyo. Kinasema: 11 kW, 400 V, 50 Hz, 21.2 A, cos φ 0.84. Hiyo cos φ ndiyo pawa fakta. Ukizidisha 1.732 kwa 400 kwa 21.2 unapata 14,700, na hizo si wati, ni volti-ampea, yaani 14.7 kVA. Ili upate wati ni lazima uzidishe tena kwa 0.84, na hapo unapata kama 12.3 kW zinazoingia kwenye mota. Kati ya hizo, 11 hutoka kwenye shafti na zilizobaki huishia kuwa joto. Hesabu ya fundi iliishia kwenye kVA, yeye akazisoma kama kW.

Sasa mtu atauliza: si angezidisha tu kwa 0.84 ya kwenye kibao? Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoteleza hata wakiikumbuka pawa fakta. Ile 0.84 ni ya mota iliyobeba mzigo wake wote. Mota ikiwa tupu, pawa fakta yake ni nyingine kabisa, na kibao hakiitaji. Ni lazima uipime.

Kifaa cha kuipimia kilikuwa ukutani. Mita ya LUKU ya karakana ile ina taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzima, na pembeni yake pameandikwa 800 imp/kWh: taa ikiwaka mara 800, uniti moja imekwenda. Tulizima kila kitu, taa za ndani, feni ya vumbi, hata chaja ya simu ya kijana anayepanga mbao. Tukahakikisha taa ya mita imetulia. Kisha tukawasha msumeno peke yake, tukauacha ukae sawa, na mzee mwenyewe akahesabu miwako kwa dakika tatu huku mimi nikishika saa.

Kama mota ingekuwa inakula kilowati sita, taa ingewaka kama mara 238 katika dakika hizo tatu, yaani zaidi ya mara moja kila sekunde. Iliwaka mara 52. Kwa saa nzima hiyo ni miwako 1,040, ukigawa kwa 800 unapata uniti 1.3. Mashine tupu ilikuwa inakula 1.3 kW, na sehemu kubwa ya hizo ni msuguano wa beringi, belti, yale magurudumu mawili makubwa ya msumeno, pamoja na joto la mota yenyewe. Ukigawa 1.3 kwa 5.96 unapata 0.22. Hiyo ndiyo pawa fakta ya mota ile ikiwa tupu.

Klampu mita wakati wote huo ilikuwa pale pale, 8.6. Mzee aliiangalia, akaiangalia mita ya LUKU, akauliza: "Kwa hiyo ipi inasema uongo?"

Hakuna. Vyombo viwili vinapima vitu viwili. Mota ya induksheni haina waya unaopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Rota haijaunganishwa na chochote. Kinachoisukuma ni sumaku inayotengenezwa na waya zilizosukwa kwenye stata, ile sehemu isiyozunguka, ikavuka mwanya mwembamba wa hewa hadi kwenye rota. Sumaku hiyo ni lazima ijengwe upya kila wakati, maana umeme wetu hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Ukiangalia fezi moja, kwa muda mfupi nishati inaingia kwenye waya na kujenga sumaku, halafu sumaku inaposhuka nishati ile ile inarudi ilikotoka. Inaenda na kurudi, mchana kutwa. Waya umeibeba mara zote mbili, kwa hiyo klampu mita inaiona. Mita ya LUKU huzidisha volti kwa ampea kila kitambo kidogo na kutoa kilichorudi kwenye kilichoingia. Mwisho wa hesabu kinabaki kile kilichotumika tu.

Ukitaka kuiona kwa saa: mzunguko mmoja wa umeme ni milisekunde 20. Kwenye mota hii ikiwa tupu, kilele cha ampea kilikuwa kinachelewa kilele cha volti kwa karibu milisekunde 4.3, ambazo ni nyuzi 77 za duara. Kosaini ya 77 ni 0.22. Kama zingepanda pamoja, kosaini ingekuwa moja na hesabu ya fundi ingekuwa sahihi.

Umeme huu wa sumaku hupimwa kwa kVAr. Kwa mota yetu ikiwa tupu ulikuwa kama 5.8 kVAr. Haujumlishwi na kilowati kwa kujumlisha kwa kawaida, bali kama pande za pembetatu mraba:

```
kVA² = kW² + kVAr²
5.96² ≈ 1.3² + 5.8²
```

Mpaka hapo mzee alikuwa ameridhika kwamba haibiwi uniti sita. Lakini kilichonivutia mimi ni kipimo cha pili, cha mashine ikiwa kazini.

Tulichukua ubao mnene wa paini, tukaupitisha kwa mwendo wao wa kawaida. Ubao hauchukui muda mrefu, kwa hiyo tulihesabu kwa sekunde 20 tu msumeno ukiwa umezama kabisa kwenye mti. Taa iliwaka mara 28, ambayo ni sawa na 6.3 kW. Klampu mita ilisoma ampea 12.9.

Tazama tarakimu hizo mbili kwa pamoja. Kutoka mashine tupu hadi mashine inapasua, nguvu inayotumika imepanda karibu mara tano, kutoka 1.3 hadi 6.3. Ampea zimepanda kwa nusu tu, kutoka 8.6 hadi 12.9. Pawa fakta imetoka 0.22 hadi 0.70. Sababu ni kwamba sumaku haijali sana kama kuna ubao au hakuna. Inategemea volti, na volti hazikubadilika. Ilikuwa 5.8 kVAr, sasa ni kama 6.3. Mzigo unapoongezeka, kilowati zinakua huku kVAr zikibaki karibu pale pale, kwa hiyo pembe inafunga na pawa fakta inapanda. Kwenye mzigo wote wa 11 kW ingefika ile 0.84 ya kwenye kibao.

Ndiyo maana ampea ni shahidi mbaya wa mzigo mdogo. Fundi aliona 8.6 kati ya 21.2 akasema mota inafanya kazi karibu asilimia 40 bila ubao, kumbe ilikuwa inafanya kazi ya kujizungusha tu. Juu ya nusu ya mzigo ampea huanza kusema ukweli. Chini ya hapo unaona sumaku zaidi kuliko kazi.

Je, 8.6 ni nyingi kwa mota ya ukubwa huu? Sivyo. Mota za kilowati kama hizi, zenye poli nne, kwa kawaida huchukua theluthi moja hadi karibu nusu ya ampea za kwenye kibao zikiwa tupu. Ningetia shaka kama tungekuta 13 au 14, au kama fezi moja ingesoma 8.6 na nyingine 11. Na hapo kwanza ningeuliza volti ni ngapi, maana volti zikizidi, chuma cha stata hushiba na ampea za sumaku hupanda haraka kuliko volti zenyewe. Swali la pili lingekuwa kama mota imewahi kusukwa. Msukaji akipunguza mizunguko ya waya kwa sababu nafasi haikutosha, au akichoma stata kwa moto mkali ili kutoa waya wa zamani hadi chuma kikaharibika, mota inarudi ikizunguka vizuri kabisa lakini ikivuta ampea nyingi tupu na kupata moto bila mzigo. Kwa maneno mengine, dawa aliyoandikiwa mzee ingeweza kumletea ugonjwa aliodhaniwa kuwa nao.

Tukaja kwenye kapasita. Niliazima moja ya fezi tatu, 5 kVAr, tukaifunga kwa muda kwenye bodi ya karakana, ikiwa na breka yake. Kapasita nayo hupokea nishati na kuirudisha kila mzunguko, lakini kwa zamu iliyo kinyume na ya sumaku: wakati mota inaomba, kapasita inatoa, mota inaporudisha, kapasita inapokea. Zinapeana zenyewe kwa zenyewe hapo kwenye bodi, na waya unaotoka kwenye mita haubebi tena safari hizo.

Tukapima mashine ikiwa tupu. Waya unaotoka kwenye mita kuja kwenye bodi ulishuka kutoka ampea 8.6 hadi 2.2. Mzee alitabasamu. Kisha nikasogeza klampu kwenye waya unaotoka kwenye bodi kwenda kwenye mota. 8.6, kama kawaida. Tabasamu likaondoka.

Lakini hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Mota haijui kama kuna kapasita; sumaku yake inahitaji ampea zile zile. Kilichobadilika ni wapi zinatoka. Kapasita ilikuwa inabeba 7.2 yenyewe, na usishangae kwamba 8.6 ukitoa 7.2 haifiki 2.2, maana hizi nazo ni pande za pembetatu. Wakati wa kupasua, waya wa kwenye mita ulishuka kutoka 12.9 hadi 9.3 na pawa fakta upande huo ikawa 0.98.

Tukarudi kwenye taa nyekundu. Mashine tupu, dakika tatu, kapasita ikiwa imefungwa: miwako 52.

Kuna kitu kidogo ambacho kinaokolewa kweli, nacho ni joto la kebo. Kutoka kwenye mita hadi bodi ni mita 40 za kebo ya shaba ya milimita 10 za mraba, ambayo ukinzani wake ni kama omu 0.073 kwa kila waya. Joto la waya hufuata mraba wa ampea. Mashine tupu, kebo nzima ilikuwa inapoteza wati 16. Baada ya kapasita, wati moja. Wakati wa kupasua zilikuwa 36, zikawa 19. Kwa hiyo kapasita inaokoa kama wati 15 hadi 17, sawa na taa moja ya LED. Kwa siku ya saa nane hiyo haifiki hata sehemu ya saba ya uniti. Muuzaji alikuwa sahihi kuhusu ampea na si sahihi kuhusu LUKU, kwa sababu karakana ndogo kama hii hulipia uniti peke yake, na uniti hazihesabu safari za kwenda na kurudi.

Hali ingekuwa tofauti kwa mteja mkubwa wa TANESCO aliye kwenye daraja la T2. Huyo hulipia uniti na pia kilele cha kVA cha mwezi. Kwake kVA zikishuka kutoka 8.9 hadi 6.4 kwa mota moja, na ana mota kumi, ni fedha. Vile vile karakana inayotumia jenereta: jenereta huuzwa kwa kVA, na kebo na breka hupimwa kwa ampea, kwa hiyo vyote vitatu huchoshwa na umeme wa sumaku hata kama haulipiwi. Nilimwambia mzee kwamba siku akitaka kuongeza mashine ya randa na breka yake kuu ikaanza kuanguka, aifikirie kapasita kabla ya kuomba kebo kubwa zaidi. Kwa leo, hapana.

Alitaka kujua kama akiinunua kwa ajili ya siku hiyo, fundi wake anaweza kuifunga mwenyewe. Anaweza, ila kuna mambo mawili ambayo nimeyaona yakiharibu mali.

La kwanza ni rilei ya ovalodi, kile kifaa kinachoizima mota ikivuta ampea kupita kipimo kilichowekwa. Mafundi wengi hupenda kufunga kapasita moja kwa moja kwenye waya wa mota ili iwake na kuzima nayo. Ikiwa itaungwa baada ya rilei, kati ya rilei na mota, basi rilei itaona ampea zilizopungua huku mota ikivuta zile zile. Kwa mota hii kwenye mzigo wote, rilei ingeona kama 18.3 wakati mota ina 21.2. Ukiiacha rilei kwenye 21, mota itaungua ikiwa imelindwa kwa macho tu. Ama uunge kapasita kabla ya rilei, ama ushushe kipimo cha rilei kilingane na ampea mpya.

La pili ni kubwa zaidi kwa msumeno wa mkanda hasa. Ukizima swichi, yale magurudumu mazito yanaendelea kuzunguka kwa muda mrefu na kuizungusha mota. Mota inayozungushwa huku kapasita ikiwa bado imeungwa nayo inageuka jenereta: kapasita inailisha sumaku, mota inazalisha volti, na kama kapasita ni kubwa kupita kiasi volti hizo zinaweza kupanda juu ya 400 wakati wewe unaamini umezima. Ukigusa waya hapo utajua. Kanuni inayofuatwa ni kwamba kapasita iliyoungwa kwenye mota isizidi asilimia 90 ya kVAr za mota hiyo ikiwa tupu. Kwa yetu, asilimia 90 ya 5.8 ni 5.2, kwa hiyo 5 ingepita na 7.5 isingepita, hata kama dukani ile ya 7.5 imepunguzwa bei. Na kwa kuwa msumeno huu unawashwa kwa sta-delta, yaani mota huanza kwa muungo wa sta unaovuta ampea chache kisha huhamishiwa kwenye delta, kuunga kapasita kwenye ncha za mota ni hatari zaidi, maana kontakta zinapobadilisha kutoka sta kwenda delta mota huachwa na kapasita peke yao kwa kitambo, kisha zinarudishwa kwenye umeme zikiwa hazijapatana nao. Shafti zimevunjika hivyo. Hapa kapasita iwekwe kwenye bodi, na kontakta yake yenyewe inayovuta baada ya delta kukaa sawa, na kutoka mara swichi inapozimwa. Isiwashwe tena kabla haijamaliza kumwaga chaji yake kupitia vikinzani vyake; kwenye kapasita za kawaida hesabu dakika moja au zaidi.

Mzee alisikiliza yote hayo, kisha akarudi kwenye tarakimu moja aliyoihesabu mwenyewe: 1.3. Msumeno wake huachwa ukizunguka mtupu vijana wanapopanga mbao au wanaposubiri gogo, na kwa makadirio yake mwenyewe hayo ni zaidi ya saa mbili kwa siku. Hizo ni uniti 2.6 zinazokwenda kila siku, karibu mara ishirini ya kile ambacho kapasita ingeokoa. Tukakubaliana kwamba pakiwa na subira ya zaidi ya dakika tano msumeno uzimwe, na kwa subira fupi uachwe, kwa sababu kuyaamsha magurudumu yale mazito kila dakika mbili kungeichosha mota kwa joto la kuwasha. Kapasita niliirudisha kwa mwenyewe jioni ile ile.